Mkwamo wa programu: kuzuia kwa sheria au kuepuka kwa hesabu?

Ukiona programu imenyamaza lakini haijafa, `top` inaonyesha haitumii prosesa hata kidogo, na kila mteja mpya anayeingia naye ananyamaza, shuku mkwamo kabla hujalaumu mtandao. Programu iliyoanguka huacha ujumbe wa kosa. Iliyokwama haiachi chochote, kwa sababu kwa macho ya mfumo endeshi hakuna kosa lililotokea: kuna kazi kadhaa tu zinazosubiri kwa adabu, kila moja ikisubiri kitu kilichoshikwa na mwenzake.

Vitabu vya mifumo endeshi hutaja njia mbili za kuhakikisha hali hiyo haitokei: kuzuia na kuepuka. Kwa Kiswahili cha kila siku maneno hayo ni kama ndugu, na wanafunzi wengi huyachanganya kwenye mtihani. Kwa fundi wa programu ni njia mbili zisizofanana hata kidogo, na ukichagua isiyofaa utalipia gharama usiyoihitaji. Tuzipime kwa kisa kimoja.

Kisa: akaunti mbili, makufuli mawili

Chukua ushirika wa akiba na mikopo mjini Kisumu ambao wanachama wake hutumiana pesa kwa simu. Kila akaunti ina kufuli lake, ili nyuzi mbili za programu, yaani kazi zake mbili zinazokwenda sambamba, zisiguse salio moja kwa wakati mmoja. Msimbo wa kuhamisha pesa ni huu:

```python
def hamisha(toka, kwenda, kiasi):
    with toka.kufuli:
        with kwenda.kufuli:
            toka.salio -= kiasi
            kwenda.salio += kiasi
```

Ukiusoma haraka hauna ila. Ukiujaribu peke yako kwenye kompyuta yako, utafanya kazi siku nzima. Sasa muuza samaki wa soko la Kibuye, mwenye akaunti 41, anamtumia mwendesha boda wa Kondele, mwenye akaunti 57, nauli ya mzigo. Sekunde ile ile yule wa boda anamlipa muuza samaki deni la jana. Uzi wa kwanza unafunga 41. Kabla haujafika mstari unaofuata, mfumo endeshi unaupumzisha na kuupa nafasi uzi wa pili, ambao unafunga 57. Uzi wa pili unataka 41, unaikuta imefungwa, unalala. Uzi wa kwanza unaamka, unataka 57, nao unalala. Wa kuwaamsha hayupo.

Pengo kati ya mstari wa kwanza na wa pili ni dogo mno, na ndiyo maana mkwamo wa aina hii hupita majaribio yote kisha ukajitokeza mwisho wa mwezi, watu wanapolipana kwa wingi. Kuanzia hapo, kila muamala mwingine unaogusa 41 au 57 hujipanga nyuma ya hao wawili, na nyuzi za seva huisha moja baada ya nyingine.

Masharti manne

Mwaka 1971 Coffman, Elphick na Shoshani waliandika masharti manne ambayo lazima yawepo yote kwa pamoja ndipo mkwamo utokee. Likikosekana moja, mkwamo hauwezekani. Kwenye kisa chetu yote manne yamo ndani ya mistari miwili ya `with`.

La kwanza ni umiliki wa pekee: kufuli la akaunti hushikwa na uzi mmoja tu kwa wakati. La pili ni kushika huku ukingoja: uzi wa kwanza unasubiri 57 na bado ameng'ang'ania 41. La tatu ni kutonyang'anywa: mfumo endeshi unaweza kuunyang'anya uzi prosesa, lakini hauwezi kuunyang'anya kufuli, kwa kuwa hauna namna ya kujua salio limefika nusu au la. La nne ni kungojana kwa mduara: wa kwanza anamngoja wa pili, na wa pili anamngoja wa kwanza. Mduara unaweza kuwa wa nyuzi mbili au ishirini, haibadilishi kitu.

Angalia kwamba masharti matatu ya kwanza ni tabia za mfumo. Yapo asubuhi hata kabla mtu yeyote hajatuma pesa. La nne ni tukio. Huzaliwa wakati wa kazi, kutokana na mpangilio wa maombi yaliyoingia. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayotenganisha njia zetu mbili. Anayezuia huondoa sharti moja kabisa, iwe ni tabia au uwezekano wa mduara, siku ile msimbo unapoandikwa. Anayeepuka huyaacha yote manne yawezekane, kisha akakaa mlangoni akikagua kila ombi.

Kuzuia: ni sharti gani livunjwe?

Umiliki wa pekee huvunjika mara chache, lakini ukivunjika ni raha. Ingia saiba yoyote ya Kakamega ambako watu sita wanachapisha kwenye printa moja. Hakuna programu ya mteja inayoishika printa yenyewe. Zote hutupa faili kwenye foleni ya uchapishaji, na programu moja tu ya mfumo ndiyo inayozungumza na printa. Kwa kuwa hiyo moja haiombi kitu kingine ikiwa imeishika, mduara hauna pa kuanzia. Kwa salio la akaunti njia hii haitoshi, maana pesa lazima itoke huku na kuingia kule kama kitendo kimoja.

Kushika huku ukingoja kunavunjwa kwa kudai vyote kwa mpigo: ama upate makufuli yote mawili, au usishike lolote. Kwa hamisho la akaunti mbili inawezekana. Kwa kazi ndefu inaumiza. Kazi ya usiku inayonakili data kwa saa tatu na kuchapisha ripoti ya kurasa mbili mwishoni italazimika kuishika printa kwa saa zote tatu bila kuitumia.

Kunyang'anya nako hufanywa kwa hiari ya uzi wenyewe: unajaribu kufuli la pili bila kulala, ukilikosa unaachia la kwanza na kuanza upya. Kwa C utatumia `pthread_mutex_trylock`, ambayo hurudisha `EBUSY` kufuli likiwa limeshikwa. Hapa kuna mtego wake. Nyuzi mbili zinaweza kushika, kukosa, kuachia na kurudia kwa mwendo ule ule, kama watu wawili wanaopishana kwenye korido nyembamba wote wakikwepea upande mmoja. Utaijua kwa sababu prosesa itapanda hadi juu huku hakuna muamala unaokamilika, kinyume cha mkwamo wa kawaida. Dawa ni kila uzi kusubiri muda wa kubahatisha kabla ya kurudia.

Linabaki sharti la nne, na kwa maoni yetu hapa ndipo mtu aanzie. Zipe rasilimali zote namba, kisha weka sheria: unashika kwa kupanda tu. Aliyeshika 57 haruhusiwi kuomba 41. Mduara hauwezekani, kwa kuwa ili ufunge lazima mmoja awe anangoja namba ndogo kuliko aliyoishika.

```python
def hamisha(toka, kwenda, kiasi):
    if toka.namba == kwenda.namba:
        return
    a, b = sorted((toka, kwenda), key=lambda x: x.namba)
    with a.kufuli:
        with b.kufuli:
            toka.salio -= kiasi
            kwenda.salio += kiasi
```

Sasa nyuzi zote mbili zinaanza na 41. Atakayechelewa atalala akiwa mikono mitupu, hamzuii mtu. Mstari wa `if` si pambo: kufuli la kawaida la Python, `threading.Lock`, halimtambui mwenyewe, kwa hiyo mwanachama akijitumia pesa kwa kukosea namba, uzi utajikwamisha peke yake kwa kungoja kufuli uliloshika wenyewe.

Sheria hii huharibika kwa njia moja ambayo ni ngumu kuiona. Tuseme programu ya simu inapanga namba za akaunti kama tarakimu, na programu ya ripoti inazipanga kama maandishi. Kwa tarakimu, 998 hutangulia 1009. Kwa maandishi, 1009 hutangulia 998, kwa kuwa herufi ya kwanza ni 1. Kila programu ikikaguliwa peke yake ina mpangilio safi kabisa. Zikikutana kwenye akaunti hizo mbili, zinashika kwa mielekeo tofauti na mkwamo unarudi. Kwa hiyo mpangilio uandikwe mahali pamoja, kwenye funksheni moja ambayo kila mtu anaiita, wala usiachwe kwenye kumbukumbu za waandishi.

Kiini cha Linux hufuata njia hii hii ya mpangilio, na kwa kuwa kinaandikwa na watu maelfu, tangu 2006 kina mkaguzi wake aitwaye lockdep. Ukiwasha `CONFIG_PROVE_LOCKING` wakati wa majaribio, mkaguzi hukumbuka mpangilio wa kila aina ya kufuli. Akiona A kisha B leo asubuhi, na B kisha A jioni, hupiga kelele `possible circular locking dependency detected` hata kama mkwamo wenyewe haukutokea. Hilo ndilo jambo zuri la kuzuia kwa mpangilio: kosa linaweza kupatikana bila kungoja bahati mbaya.

Kuepuka: hesabu ya mweka hazina

Edsger Dijkstra, katika miaka ya 1960, alieleza njia ya kuepuka kwa mfano wa benki, na Habermann mwaka 1969 akaipanua kwa rasilimali za aina nyingi. Mweka hazina wa chama chochote cha kukopeshana anaweza kuielewa bila kompyuta.

Chama cha Molo kina mfuko wa shilingi 240,000 na wachuuzi watatu wa viazi. Kila mmoja ametaja mapema kiasi cha juu kabisa atakachohitaji ili mzigo wake ukamilike. Wa lori amesema 180,000, wa pikapu 120,000, wa probox 80,000. Wanachukua kidogo kidogo kadiri wanavyonunua kwa wakulima, na hakuna anayerudisha hata shilingi mpaka mzigo ujae, ufike sokoni Nakuru na kuuzwa. Akiuza, anarudisha yote.

Leo wa lori ameshachukua 80,000 na bado anahitaji 100,000. Wa pikapu amechukua 60,000, bado 60,000. Wa probox amechukua 40,000, bado 40,000. Kwenye mfuko zimebaki 60,000.

Wa lori anaomba 40,000. Pesa zipo, na mweka hazina asiyejua hesabu hii angempa. Ajuaye hujiuliza kwanza: nikimpa, mfuko utabaki na 20,000. Wa lori atakuwa bado anahitaji 60,000, wa pikapu 60,000, wa probox 40,000. Kuna hata mmoja ambaye 20,000 zinamtosha kumaliza? Hakuna. Basi hali hiyo si salama, na ombi linakataliwa ingawa 60,000 ziko mezani.

Angeomba 20,000 jibu lingekuwa tofauti. Mfuko ungebaki na 40,000, ambazo zinamtosha wa probox kumaliza. Akirudisha 80,000 zake, wa pikapu anapata 60,000 anazodai na mfuko unabaki na 20,000. Akiuza, anarudisha 120,000, mfuko unafika 140,000, na wa lori anapata 80,000 zilizobaki kwake. Upo mpangilio mmoja ambao wote wanamaliza, na huo mmoja unatosha kuiita hali salama. Ombi linakubaliwa.

Hali isiyo salama bado si mkwamo, na hapa watahiniwa hupoteza alama. Wa probox angeweza kujaza gari kwa bei nafuu bila kuchukua 40,000 za mwisho, akauza, akarudisha, na mambo yakaenda. Mweka hazina anakataa kwa sababu hana dhamana, kwa kuwa yeye hupanga akidhani kila mtu atadai kikomo chake chote. Gharama ya kuepuka ni hiyo: pesa hulala kwenye mfuko kwa hofu ya jambo ambalo huenda lisingetokea.

Hesabu hii inasimama juu ya mambo matatu. Kila kazi itangaze kikomo chake kabla ya kuanza. Idadi ya rasilimali isipungue katikati ya kazi. Na kila aliyepewa kikomo chake chote amalize na kurudisha. Lori likizama kwenye tope la Molo msimu wa mvua, hesabu yote inabaki hewani. Kwenye kompyuta ya kawaida hakuna hata moja kati ya haya linaloaminika: kivinjari hakijui kitafungua faili ngapi leo, na programu yenye hitilafu haimalizi. Ndiyo maana Linux na Windows hazikagui maombi ya makufuli ya programu zako kwa njia hii.

Kisha kuna uzito wa hesabu yenyewe. Kwa kazi n na aina m za rasilimali, ukaguzi mmoja unaweza kufika hatua m × n². Urudishe kwenye ushirika wetu: akaunti 5,000, kila moja ni rasilimali ya aina yake, na miamala 200 kwa wakati mmoja. Hiyo ni 5,000 × 200 × 200, yaani hadi hatua milioni 200 kwa ombi moja la kufuli. Kupanga namba mbili kwa `sorted` ni kazi isiyohesabika mbele ya hiyo.

Zikiwekwa ubavu kwa ubavu

| | Kuzuia | Kuepuka |
|---|---|---|
| Uamuzi hufanywa | Msimbo unapoandikwa | Kila ombi linapoingia |
| Lazima ujue mapema | Mpangilio wa rasilimali | Kikomo cha kila kazi |
| Unalipa kwa | Nidhamu ya waandishi | Hesabu, na maombi kukataliwa vitu vikiwepo |
| Huvunjika pale | Mmoja anapogeuza mpangilio | Kazi inapovuka kikomo au isiporudisha |

Kwa makufuli ndani ya programu yako, chagua kuzuia kwa mpangilio, wala usijiulize mara mbili. Rasilimali zina majina, unazijua, na sheria inaandikwa mara moja.

Pesa zikiwa kwenye databesi, fuata mpangilio ule ule kwa kufunga safu zote mbili kwa swali moja:

```sql
SELECT namba, salio FROM akaunti
WHERE namba IN (41, 57)
ORDER BY namba FOR UPDATE;
```

Hata hivyo, databesi yenyewe haizuii wala haiepuki. Huacha mkwamo utokee, kisha huutafuta na kuua muamala mmoja. PostgreSQL, isipobadilishwa mipangilio yake ya awali, hungoja sekunde 1 kabla ya kutafuta mduara, na muamala uliouawa hupata kosa `40P01`. MySQL kupitia InnoDB hutoa kosa `1213`. Programu yako lazima irudie muamala wote tangu mwanzo. Kurudia amri ya mwisho peke yake hakufai, kwa sababu kazi iliyotangulia imefutwa.

Kuepuka kunapata nafasi yake pale rasilimali zinapofanana, ni chache, na kila kazi ina kikomo kinachojulikana, kama shilingi za mfuko wa Molo. Mfano uliopo kwenye seva nyingi ni miunganisho ya databesi inayowekwa tayari ili nyuzi zigawane. Tuseme iko 10, seva ina nyuzi 10, na kila ombi la mteja hutumia muunganisho mmoja kusoma akaunti, kisha, bila kuuachia, huchukua wa pili kuandika kumbukumbu ya ukaguzi. Nyuzi 10 zikiingia pamoja, kila moja inashika mmoja, imebaki sufuri, na zote zinangoja wa pili. Kupanga kwa namba hakusaidii, maana miunganisho yote ni sawa na hakuna anayeomba wa namba fulani.

Hesabu ya mweka hazina inasaidia, na hapa huhitaji kuifanya kwa kila ombi. Hali mbaya kabisa ni kila uzi kushika pungufu ya kikomo chake kwa mmoja. Ukiwa na nyuzi n na kikomo k, miunganisho n × (k − 1) + 1 inahakikisha kuna angalau uzi mmoja utakaomaliza na kurudisha. Kwa nyuzi 10 na kikomo 2 ni 11. Usipoweza kuongeza wa kumi na moja, punguza nyuzi zinazoruhusiwa kuingia ziwe 9, kisha zile 10 zinatosha. Mtu akiongeza muunganisho wa tatu ndani ya ombi miezi sita baadaye, k inakuwa 3, na kwa nyuzi 9 utahitaji 19. Weka hesabu hiyo kama maelezo kando ya mstari unaoweka ukubwa, ili atakayeugusa aikute.